Wali Uliofungwa Blanketi

Iddi yangu ya kwanza kama mke, huko Koboko miaka ya sabini, nilipika wali saa sita mchana. Wageni kutoka Arua walikwama njiani na lori lao, kwa hiyo nikaifunga sufuria kwa blanketi na kujiona mjanja. Walifika saa kumi na mbili jioni.

Mama mkwe, mpishi wa harusi zetu zote, akatia kidole. "Iko vuguvugu," akasema, akaibeba sufuria hadi shimo la takataka.

"Mama, nitaupasha moto!"

"Moto inaua wadudu, binti yangu. Sumu wameshaacha ndani, moto haiwezi kutoa."

Wageni walikula ugali wa muhogo na mchuzi, ambao ulikuwa umebaki jikoni ukitokota mchana kutwa. Mimi nilinuna siku tatu.

Siku hizi harusi nazipika mimi. Wali unaobaki nautandaza kwenye sinia ungali unafuka, upoe upesi, kisha unaingia friji. Ukipashwa, ufuke mpaka katikati, mara moja tu. Na anayeniletea sufuria iliyofungwa blanketi namjibu kama mama mkwe alivyonijibu siku ya tatu, nilipoacha kununa na kumuuliza vuguvugu ina kosa gani:

"Vuguvugu iko ya kuogesha mtoto."