Dirisha la Pili

Muuza dawa wa dirisha la pili ana sauti ya kukwaruza na kalamu iliyotafunwa, na bado foleni yake haikatiki. Mwenzake wa dirisha la kwanza, aliyemtangulia kazini miaka sita, humwonea kijicho. Ana nini huyu? Asubuhi hii mzee mmoja alifika dirisha la kwanza. "Habari." "Nzuri," akajibiwa, basi. Mzee akatazama rafu, akakohoa, akasogea la pili. "Habari." Yule wa pili akaweka kalamu chini, kama afanyavyo kila mara. "Njema, baba, karibu sana. Umefuata dawa, au una jambo la kuuliza? Sema tu, hata likiwa dogo." Kisha akatulia, akasubiri. Mzee akainama. "Mke wangu amemeza vidonge vya presha vya leo na vya kesho kwa mpigo. Nilikuwa naona haya." Daktari akapigiwa simu papo hapo. Wa kwanza akauma mdomo: salamu ile ile ilianzia kwake! Mama mmoja akasimama mbele yake. "Hujambo." Naye wa kwanza akaweka kalamu chini. "Sijambo, mama, karibu sana," akasema, na sauti ikamtoka ikikwaruza kama ya mwenzake.