Wiki Ambayo Hakuwepo

Binti yangu walimbatiza Koili kule karakana, maana hakuna aliyesuka upya koili, zile nyaya za ndani ya mota iliyoungua, zikapendeza kama zake. Chuo kilimpeleka pale kwa mafunzo ya vitendo. Msimamizi wake, fundi mkuu, hakujaliwa mtoto, akampenda kama wa kwake. Alishamwahidi kuwa akihitimu, kazi ipo. Mimi niliyeachiwa mtoto mgongoni na mwanamume aliyekwenda kununua sigara asirudi, nikaanza kulala usingizi.

Kisha homa ya matumbo ikamwangusha. Jumatatu asubuhi nikampigia fundi.

"Koili anaumwa, baba. Daktari kampa wiki nzima ya kupumzika."

"Apumzike, mama. Huku niachie mimi."

Binti yangu naye, kichwa kikimgonga, akamwandikia mratibu wa chuo, akamtumia na picha ya karatasi ya daktari. Ndivyo walivyofundishwa.

Siku ya kurudi nilimsindikiza, miguu yake bado mizito. Tukamkuta mratibu kasimama na daftari la mafunzo mkononi. Wiki ile yote fundi alikuwa ameandika kuwa binti yangu yupo, akatia sahihi.

"Ugonjwa si kosa," mratibu alisema. "Angeongeza wiki moja mwishoni, basi. Hizi sahihi ni za nini?"

Fundi alimtazama binti yangu. "Si uliingia Jumatano, mwanangu? Ile mota ya pampu?"

Binti yangu alitikisa kichwa. "Sikuja, fundi. Nilikuwa kitandani."

"Leo fundi mwenyewe kapigwa shoti," kijana mmoja akanong'ona, wenzake wakabana kicheko.

Mratibu alikata mistari ile, fundi akatia sahihi kando ya kila rekebisho. Wiki ya kufidia ikaandikwa. Mratibu akasema chuo kitaamua kama kitaleta tena wanafunzi pale, akaondoka.

"Umenivua nguo mbele ya vijana wangu," fundi alisema.

"Karatasi nilishaituma. Ningesemaje?"

"Ungeniambia umeituma."

"Sikujua umeandika nipo."

"Nilitaka usicheleweshwe." Akafuta mikono ambayo haikuwa na grisi. "Maliza wiki zako. Sahihi yako utapata, ni haki yako. Kazi usiisubiri."

Nilitaka kumjibu. Nimeishi na wanaume wanaokosea wao, kisha wakanuna wao. Binti yangu akanishika mkono. "Mama, acha. Alinitakia mema."

Hilo ndilo lililonikata maini.

Alimaliza, na wiki ya fidia juu, akapata alama nzuri. Siku ya mwisho nilikwenda kumchukua. Wenzake walishatoka. Yeye alikuwa bado kwenye benchi, anapanga koleo ambazo alishazipanga, anamsubiri fundi aseme chochote.

Fundi alivaa koti, akatupita.

"Ukitoka, zima taa," alisema.