Maji Niliyoagiza Yamwagwe

Shela nyeupe ya mama, ile ya kuswalia, ilikuwa na madoa ya rangi ya chai. Niliiona kwenye kamba siku niliporudi Yombo kutoka Tunduma, kabla hata sijaweka begi chini. Nilipomuuliza akasema ni maji. Bomba likifunguliwa asubuhi linatoa kwanza maji mekundu, ndoo mbili nzima, ndipo yanaanza kutakata. Na hayo yenyewe siku hizi yalikuwa yanatoka kwa kudondoka. Ukutani, nje ya bafu, bomba lilikuwa limezungushiwa mpira wa tairi ya baiskeli sehemu tatu.

"Litengenezwe," alisema, "ila lisitolewe. Vitu vya baba yako vyote vimeshatoka humu ndani, kimoja kimoja. Limebaki hilo."

Baba alikuwa fundi bomba. Bomba lile alililaza mwenyewe siku zake za mapumziko, kutoka kwenye tangi la juu hadi jikoni, bafuni, na koki ya uani. Lilikuwa la chuma kilichopakwa zinki, wakati ule likiwa jipya linang'aa kama sufuria. Alipofariki mimi nilikuwa Songea. Nilikuja kuzika, nikakaa wiki moja, nikaondoka kabla ya arobaini. Sikuwa na sababu ya maana. Miguu yangu ilikuwa hivyo, na nyumba bila yeye ilinishinda.

Kwa sababu nilikuwa mbali, nilikuwa naitunza nyumba kwa simu. Mtu wa mbali ana maelekezo mengi. Siku moja, miaka mingi nyuma, mama aliniambia fundi mmoja wa jirani amemtisha kwamba mabomba ya chuma yanaoza. Nikajibu pale pale, nikiwa nimesimama stendi, kwamba maji ndiyo yanaozesha chuma. Kwa hiyo jioni, baada ya kazi zote, afunge koki ya tangi, afungue ile ya uani iliyo chini kabisa, amwage maji yote yaliyomo ndani. Bomba lipumzike usiku kucha likiwa tupu. Asubuhi alijaze tena.

"Kila siku?" aliuliza.

"Kila siku, mama."

Nikapanda gari nikasahau.

Tulimwita rafiki yake baba, mzee aliyefanya naye kazi tangu ujana wao. Alikuja na msumeno wa chuma na spana mbili kubwa, akaanza na mama kwanza.

"Shemeji, unazidi kupendeza. Ungenikubalia mimi usingekunywa kutu."

"Kwa kazi zako zile za kuvuja?" mama akamjibu. "Ningekufa nimelowa."

Walicheka. Mimi nikamwamkia, shikamoo baba mdogo, akaitika na kunitazama kuanzia viatuni kwenda juu. "Marahaba, msafiri. Leo umepotea njia?"

Mama alimwambia alichotaka: aliponye bomba, asilitoe. Mzee akasema ngoja tulione tumbo. Akafunga tangi, akakata kipande cha urefu wa mkono pale penye mpira. Aliponipa nilishangaa kilivyokuwa chepesi. Ndani, tundu lililotakiwa kupitisha kidole gumba halikupitisha hata kalamu. Kutu ilikuwa imeota vinundu vya rangi ya machungwa pande zote. Mzee aligonga kimoja kwa ncha ya spana kikabanduka, chini yake paliachwa shimo, na kupitia shimo lile nikauona mwanga.

Tulikata jikoni. Vile vile. Tulikata karibu na tangi. Vile vile.

"Bomba la umri huu nimeshaliona zima," mzee alisema, akikuna kidevu. "Maji ya kisima cha hapa yana chumvi kidogo, hiyo inaharakisha, sawa. Na hapa mtu kafunga koki ya shaba moja kwa moja kwenye chuma, angeweka kiungo cha plastiki katikati, maana zikigusana majini chuma ndicho kinacholiwa. Lakini hiyo inaharibu hapo jirani tu. Hili limeliwa mwili mzima. Shemeji, mlikuwa mnalikausha?"

"Kila jioni," mama akasema, kwa fahari kabisa. "Sijaacha hata siku moja. Hata nilipoumwa goti nilikwenda."

Mzee akanitupia jicho mimi, sijui alijuaje kwamba agizo lilikuwa langu. Akazungumza taratibu, akiangalia kile kipande. Maji peke yake, alisema, hayana meno. Kinachokula chuma ni hewa iliyoyeyuka ndani ya maji. Maji yakifungiwa bombani yakatulia, hewa yake kidogo inatumika kwenye kutu ya mwanzo, inakwisha, na kutu inapungua kasi. Ukiyamwaga, bomba halikauki. Linabaki na unyevu mwembamba ukutani na hewa tele katikati, usiku kucha. Asubuhi unaingiza maji mapya na hewa yake mpya. Zinki inajitoa kwanza kukikinga chuma, lakini zinki ikiisha, imeisha.

Ndipo nikaikumbuka misumari. Kidato cha pili, mwalimu wa kemia alitupangia misumari kwenye vichupa. Ule wa kwenye maji yaliyochemshwa kutoa hewa, yakafunikwa kwa mafuta, ulibaki safi. Nilichora picha yake, nikapewa vema. Miaka yote niliyozunguka nilikuwa nimebeba nusu tu ya somo lile, na nusu ile ndiyo niliyompa mama.

Tulipochimba nje ili tulione bomba la chini, tukakuta kitu ambacho sikukijua. Kutoka kwenye kiungo cha bafu kulikuwa na tawi, limeinama kwenda upande wa mpapai, kama hatua tatu, mwisho wake limezibwa kwa plagi. Halikwenda popote.

"Hilo la chumba chako," mama akaniambia. "Alisema ukirudi ukaoa utajenga pale, maji yawe yameshafika."

Kwa sababu lilikuwa limeinama na kuzibwa, halikuwahi kumwagika. Mzee alilifungua pale kwenye kiungo, akaingiza kidole. Kilitoka na tope jembamba jeusi. Akafuta mdomo wa bomba kwa tambara, na chini ya weusi ule zinki ilikuwa bado ipo, ya kijivu, nzima.

Mama aliinama akatazama. Akatazama na kile kipande cha jikoni. Si mtu wa kuelezwa mara mbili.

"Kwa hiyo nisingemwaga," aliuliza, "lingekuwepo?"

Mzee alianza kusema kila chuma kina siku zake, shemeji, hata hivyo lingechoka tu. Nikamkatisha. "Lingekuwepo, mama. Mimi ndiye niliyekuambia."

"Najua uliniambia. Ndiyo maana nikafanya."

Alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Hakulia, na hakunigombeza. Mimi nikaanza kusema: tawi lile tunaweza kuliacha ardhini, nichemshe maji, tulijaze hadi juu bila hewa, tulizibe ncha zote mbili, litakaa miaka. Nilikuwa bado nayapanga maneno alipoinua mkono.

"Baba, usiniagize tena. Toeni lote, wekeni la plastiki. Na hilo nalo. La chumba gani?"

Mzee aliniachia mimi lile tawi. Nilipolinyanyua kwa upande wa plagi, maji yaliyokuwa ndani yakatoka kwa mkupuo mmoja, meusi, yananuka kama yai bovu, yakatiririka baridi hadi miguuni pangu. Yalikuwa yamekaa humo tangu baba alipokaza ile plagi. Mchanga uliyanywa kabla sijamaliza kulilaza bomba chini.