Grafu Iliyoanzia Chini

Mwaka wangu wa pili wa ualimu nilipewa kidato cha sita, fizikia, katika shule ya wasichana ya misheni hapa Njombe. Nilikuwa na kabrasha la pepa za nyuma, yaani mitihani ya miaka iliyopita, lililochakaa kingo. Nilikuwa na hofu pia, na niliificha kwa kuongea haraka. Mwalimu anayeongea haraka haulizwi maswali mengi, nilikuwa nimeshagundua hilo.

Kulikuwa na aina moja ya swali ambayo pepa za nyuma haziachi kuileta. Ni lile la mwendo wa kwenda na kurudi, kama wa uzito ulioning'inizwa kwenye springi, ambao wanafunzi wote huuita SHM. Mtahini anakupa grafu moja na kukutaka uchore nyingine mbili chini yake. Grafu zote ni tatu: ya umbali wa uzito kutoka pale katikati unapotulia, ya mwendokasi wake, na ya mchapuko, yaani namna mwendokasi unavyobadilika. Darasani tunazitaja kwa Kiingereza, lakini nikiwa na mawazo yangu nazitaja hivi.

Mimi nilikuwa nimezikariri tangu chuoni, kama picha moja. Ya umbali inaanzia juu kabisa. Ya mwendokasi inaanzia sifuri. Ya mchapuko inaanzia chini kabisa, kwa sababu siku zote mchapuko hupingana na umbali. Picha hiyo ilikuwa imenivusha mitihani yangu yote.

Asubuhi moja ya mvua, wiki mbili kabla ya moko, mtihani wa majaribio unaotangulia ule wa taifa, niliwaandikia ubaoni swali la pepa ya zamani. Uzito uko kwenye springi, kwenda juu ni chanya, na grafu iliyotolewa ni ya mwendokasi: inaanzia sifuri, inapanda upande wa chanya, inarudi sifuri, kisha inashuka upande wa hasi. Chora nyingine mbili. Nikaona ile sifuri ya mwanzo, nikachora picha yangu. Umbali juu, mchapuko chini. Wasichana wakaanza kunakili, masweta yamevutwa hadi kwenye vidole.

Mmoja hakunakili. Alikuwa anatoka Iwawa, kule Makete kwenye baridi kuliko kwetu, binti wa wakulima wa viazi, mpole lakini si mwepesi wa kuridhika. Akanyoosha mkono.

"Madam, naomba kuuliza. Mwanzoni mwendokasi ni chanya. Maana yake uzito unapanda."

"Ndiyo."

"Sasa kwenye grafu ya umbali umeuweka juu kabisa. Kama uko juu kabisa, unapandaje tena?"

Nilimsikia. Nikiri hapa kwamba nilimsikia vizuri. Lakini zilibaki dakika kumi kipindi kiishe, darasa zima lilikuwa linanitazama, na chaki ilikuwa mkononi mwangu.

"Inategemea umeanza kuhesabu muda wapi," nikasema. "Angalia, umbali na mchapuko si vinapingana? Basi. Ukiingia kwenye mtihani, chora kama ilivyo ubaoni."

Akakaa. Akanakili.

Siku zilizofuata sikutulia. Sikurudi kwenye swali lile, ila nilikuwa nafanya kila kitu nusunusu. Naanza kusahihisha madaftari, nainuka kufunga dirisha. Nachemsha maji ya chai, nayasahau. Nilijiambia ni moko inayonipa wasiwasi, maana mwaka ule shule kadhaa zilikuwa zinafanya mtihani mmoja, na swali la tatu nilikuwa nimetunga mimi. Lilikuwa ni lile lile, nimebadilisha namba tu. Mwongozo wake wa usahihishaji pia niliuandika mimi, na ulishapelekwa.

Walimu tulikutana kusahihisha Makambako, katika ukumbi wa shule moja isiyo mbali na barabara kuu. Upepo wa Makambako hauna adabu. Ulikuwa unafungua milango na kupeperusha karatasi, hadi tukazikandamiza kwa mawe. Bahasha za majibu zilikuwa zimefungwa kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli. Kiongozi wetu wa jopo alikuwa mwalimu wa siku nyingi kutoka Mdandu, mtu mzima asiyependa kupoteza muda. Swali la tatu tulipewa wawili: mimi na kijana mmoja aliyefundisha huko Mlangali. Hakuna aliyeruhusiwa kusahihisha shule yake.

Nikaanza. Karatasi ya kwanza, umbali umeanzia chini. Nikatia mkasi, alama ya kosa. Ya pili, chini. Mkasi. Ya tatu, ya nne, ya tano, chini, chini, chini. Nikawaza kwamba shule hii imefundishwa vibaya. Nikafungua bahasha ya shule nyingine. Hawa hawajuani, hawajawahi kukaa pamoja, na wao pia wameanzia chini, na mchapuko wameuanzishia juu.

Nilipofika kama ya arobaini, mwanafunzi mmoja alikuwa ameandika maneno pembeni ya mchoro wake, kwa Kiingereza cha kujikongoja: mteremko wa grafu ya umbali, yaani ukali wa mstari wake kupanda au kushuka, ndio mwendokasi; mwendokasi chanya, kwa hiyo umbali lazima uwe unaongezeka.

Kalamu ikasimama.

Nikainuka nikatoka nje. Nikatembea hadi kwenye mabomba ya maji, nikarudi, nikaenda tena. Malori yalikuwa yanapunguza mwendo yakikaribia njia panda, na mimi nilikuwa nachora kwa kidole hewani kama mtu asiye na akili timamu. Ikiwa umbali unaanzia juu kabisa, hauna pa kwenda ila kushuka, na mwendokasi wake lazima uanze upande wa hasi. Nao ulikuwa umetolewa chanya. Na mchapuko je? Ni mteremko wa grafu ya mwendokasi, nayo mwanzoni ilikuwa inapanda kwa ukali kabisa, kwa hiyo mchapuko unaanzia juu. Grafu zangu mbili zilipingana zenyewe kwa zenyewe kama inavyotakiwa, na kwa sababu hiyo zilinipendeza. Lakini zote mbili zilikuwa zimepinduliwa. Hazikuwa za uzito ule.

Halafu likaja wazo jingine, na sioni fahari kulisimulia. Hakuna aliyeona. Mwongozo umeshapitishwa. Ukaguzi utalinganisha alama na mwongozo, si na springi. Moko si mtihani wa taifa. Nikinyamaza, yataisha.

Nilitembea na wazo hilo mara tatu kwenda na kurudi. Sikuwa jasiri. Nilichoshindwa ni kurudi kwenye kiti na kuendelea kutia mkasi kwenye majibu ambayo sasa nilijua ni sahihi. Mkono usingekubali.

Nikaenda hadi meza ya kiongozi. "Samahani, mwalimu. Mwongozo wa swali la tatu una kosa. Nimeuandika mimi."

Akavua miwani. "Kosa gani? Tumeshasahihisha bahasha ngapi?"

"Bahasha mbili upande wangu."

"Na unataka tuanze upya saa hizi?" Akavuta pumzi. "Nieleze."

Nikaanza kueleza, maneno yakagongana. Akanikatiza, akachukua kipande cha mpira wa baiskeli, akafunga kufuli la sanduku la mitihani kwenye ncha moja na kushika nyingine juu. Walimu wawili watatu wakasogea. Akalivuta kufuli chini, akaliachia. Likapanda.

"Lilianzia wapi?" akauliza.

"Chini," nikasema.

"Na mwendokasi wake mara tu nilipoliachia?"

"Sifuri, kisha chanya."

"Na mpira ulikuwa unalivuta kuelekea wapi, pale chini?"

"Juu. Kwa nguvu kuliko mahali pengine popote."

Akalifungua kufuli, akalirudisha kwenye sanduku. "Andika mwongozo upya. Karatasi ulizosahihisha, rudia zote." Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Nikaandika. Nikarudia. Niligeuza mikasi yangu kuwa vema, moja moja, nikitia sahihi pembeni ya kila rekebisho kama utaratibu unavyotaka. Ilikuwa alasiri tayari yule kijana wa Mlangali, aliyekaa ubavuni kwangu, alipocheka peke yake.

"Dada, hebu ona hii bahasha. Darasa zima wamekosea namna moja, kama wamepigwa muhuri. Sijui nani kawafundisha."

Nikaangalia namba ya shule. "Mimi," nikasema.

Akaacha kucheka. Akasogeza karatasi moja mbele yangu, taratibu. "Huyu lakini alijua."

Alikuwa amechora umbali kuanzia chini, safi kabisa, na mchapuko kuanzia juu. Kisha akapiga mstari wa rula juu ya michoro yote miwili, na chini yake akachora upya kama ilivyokuwa ubaoni kwangu. Niliutambua mwandiko. Herufi ndogo zilizoinamia kushoto.

Nilimwomba kiongozi aitazame. Aliitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. "Amefuta mwenyewe na kutoa jibu jingine," akasema. "Tunasahihisha hilo jingine. Ukimhurumia huyu, wale wengine waliofuta utawaambia nini?" Alikuwa na haki. Yule kijana akaandika sifuri, na mimi nikaiona ikiandikwa.

Nilirudi Njombe siku ya tatu. Nilikuwa nimepanga hotuba njia nzima, na nilipoingia darasani ikanipotea. Nikachora grafu ya mwendokasi, nikageuka.

"Swali hili niliwafundisha vibaya. Kwenye moko mmekosa alama kwa sababu yangu. Mmoja wenu aliniuliza swali zuri, nami nikamnyamazisha kwa sababu sikuwa na jibu."

Nikawaonyesha mteremko, hatua kwa hatua, nikiweka rula ubaoni ili igusane na mchoro: hapa umelala, mwendokasi ni sifuri, hapa umesimama zaidi, mwendokasi ni mkubwa.

Kipindi kilipoisha yule wa Iwawa alinisubiri mlangoni. Nilitegemea ataniambia si neno, madam. Hakusema hivyo.

"Kwenye moko nilichora sahihi kwanza."

"Niliona. Pole sana. Ni kosa langu."

"Nilikaa nikafikiria," akasema. "Nikaona nikikosea kwa kufuata yako, sitaulizwa. Nikikosea kwa kufuata yangu, nitaulizwa." Macho yake yalikuwa yamejaa, lakini sauti haikuyumba. "Sitaki kufanya hivyo kwenye mtihani wa taifa."

"Usifanye," nikasema.

Alifungua pepa aliyokuwa ameikunja ndani ya daftari, akaweka kidole kwenye swali la mchapuko dhidi ya umbali, ule mstari ulionyooka unaopita sifuri ukishuka kuelekea kulia.

"Kwa nini unakatikia hapa na hapa?" akauliza. "Kwa nini hauendelei?"

Kengele ya kipindi kingine ilikuwa inalia, na darasa jingine lilikuwa linanisubiri. Nikavuta dawati la karibu na mlango, nikakaa.

"Nadhani ni kwa sababu uzito wenyewe hauvuki pale, juu wala chini," nikasema. "Lakini usinikubalie. Chora, tuone."