Kovu Nililolikwangua

Nilifika Embu mjini miaka ya Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni, baada ya kufukuzwa na udadisi wangu mwenyewe kutoka kazi tatu. Nilikuwa nimeacha shule darasa la tano, lakini mwenye studio ya picha, mzee Mwislamu aliyekuwa na duka la nyama pembeni, hakuniuliza vyeti. Aliangalia mikono yangu, akaona haitetemeki, akanikalisha mbele ya kioo cha kurekebishia negativu, zile filamu za kusafishia picha ambazo cheusi huonekana cheupe na cheupe cheusi.

Kazi nilijifunza haraka. Doa jeusi usoni, kwenye negativu huonekana kama sehemu angavu. Unapaka dawa kidogo ili penseli ishike, kisha unalijaza kwa ncha kali mpaka lifanane na ngozi ya jirani. Ukikosea, unapangusa na kuanza upya. Doa jeupe ni tofauti. Hilo kwenye negativu ni zito na jeusi, na dawa yake ni wembe: unakwangua kidogo kidogo. Ulichokwangua hakirudi.

"Chunusi itaisha wiki ijayo, kwa hiyo ifute," mzee aliniambia siku ya kwanza. "Kovu, uliza."

Niliyasikia maneno hayo. Sikuyaweka moyoni.

Mama mmoja alikuja kutoka kijiji kimoja cha upande wa Manyatta, vile vijiji vya kuhamishiwa watu, vyenye handaki kuzunguka. Alikuwa na kibali cha chifu cha siku moja tu. Mumewe alikuwa kizuizini, mwaka wa tatu, na kambi ilikuwa imemruhusu kupokea picha. Shavuni mwa mama palikuwa na kovu jeupe la uji wa moto, tangu utotoni, kubwa kama jani la mharagwe. Alikaa wima, akatazama kamera bila kupepesa, akaondoka mbio kuwahi saa ya kufungwa lango.

Nilikwangua kovu lote. Niliona ninamtendea wema; niliwaza mume yule apate kitu kizuri cha kutazama. Nilijivunia wembe wangu. Bahasha ya picha aliichukua mwalimu wa kijijini kwao, ikatumwa bila mama kuiona.

Baada ya miezi kadhaa alirudi. Hakuketi.

"Nani alitengeneza picha yangu?"

"Mimi, mama."

"Wewe ndiye uliyeniua?"

Nilicheka, nikidhani ananitania. Mzee hakucheka.

Akaeleza. Yeye na mdogo wake wa kike wanafanana kama sufuria mbili za duka moja. Wanatofautishwa na kovu. Kule kambini kulikuwa kumefika habari kwamba njaa na homa vimeua wanawake wengi vijijini. Mume alipoona shavu laini, akaamua kwamba mke amekufa, na kwamba watu wa nyumbani wamempigisha picha mdogo wake ili wasimvunje moyo. Akaandika barua kwa kaka yake: shamba langu lichukue, sina wa kumrudia.

"Shemeji ameshaanza kulima," mama akasema. "Nikimwambia mimi niko hai, ananiambia, 'Najua, shemeji, nakuona. Lakini mwenye shamba ndiye aliyeandika.' Na mwezi ujao wapimaji wa serikali wanakuja kupima mashamba na kuandika majina ya wenyewe."

Nilitafuta negativu upesi. Niliinua kwenye mwanga, nikaona pale penye shavu palivyokuwa pembamba, mikwaruzo tu. Nikamwambia naweza kulirudisha kovu kwenye picha kwa kukwaruza karatasi yenyewe, hata mumewe asingejua.

"Ulinifuta bila kuniuliza," akasema, "sasa unataka kunichora?"

Mzee alifungua dirisha la upande, akasogeza kiti. "Mama, tafadhali kaa hapa. Wewe," akanigeukia, "muulize."

Nikamgeukia. "Mama, kovu lako tulionyeshe vipi?"

Aligeuza shavu kuelekea dirishani. "Lote. Hata kile kipande kinachoshuka shingoni." Akalegeza leso yake.

Nilipiga picha mbili. Negativu sikuzigusa, hata chunusi iliyokuwa kwenye paji la uso niliiacha. Alisubiri nje mpaka zikakauka, akazitazama kwa ukaribu, akapitisha kidole juu ya kovu la karatasi, kisha juu ya lake. Hakutushukuru. Alikunja kibali chake, akashika njia.

Nikaenda Meru kabla ya mvua, kama kawaida yangu ya kutokaa mahali pamoja, nikapata kazi studio nyingine. Siku moja niliporudi Embu kusalimu, mzee aliniambia jibu lilikuja: mume alilitambua kovu, akaandika barua ya pili kwa kaka yake.

"Na shamba?"

"Wapimaji walifika kabla ya barua."

Aliendelea kukata nyama. Nilitaka kuuliza zaidi, mimi ambaye huuliza kila kitu. Badala yake nilikwenda nyuma, nikaitafuta ile negativu ya kwanza kwenye sanduku. Ninayo mpaka leo.