Sababu Aliyoiandika Oyaro

Oyaro aliona wivu. Miaka yote, kila uamuzi kuhusu mfumo mkuu wa kompyuta wa kampuni yao ya chai, pale Kericho, ulikuwa na jina lake, kwani yeye ndiye aliyeandika kumbukumbu za maamuzi. Leo Priscillah, aliyeajiriwa juzi tu, alikuwa mbele ya bodi ya kukagua mifumo akitaka mizani za vituo vya kukusanyia majani zitume kilo moja kwa moja kwenye mfumo huo. Na wanabodi wanamchekea!

"Hilo tulishalikataa!" Oyaro alifoka kwenye simu, maana alikuwa kituo cha Silibwet kukagua mizani na alihudhuria kwa video. "Kumbukumbu ipo, na haijabatilishwa!"

"Tusomee sababu," mwenyekiti alisema.

Akasoma kwa madaha maneno yake mwenyewe: "Mizani zihifadhi kilo, kisha ziingizwe kwenye mfumo jioni kiwandani, kwa kuwa kituo cha Silibwet hakina mtandao. Uamuzi huu uangaliwe upya mtandao ukifika."

Priscillah akauliza, kwa upole uliomchoma kuliko tusi:

"Mzee, tunakuona vizuri sana. Kwani leo uko kituo gani?"