Kabeji na Karoti kwenye Kioo Kimoja

Mama mdogo ana duka la mbegu na mbolea Lushoto mjini, nami ndiye niliyemtengenezea programu ya kutafuta bidhaa. Nilijifunza peke yangu kwa video, kwa hiyo kila siku ya gulio husimama karibu na kaunta. Alishaniambia kwamba ikimkwamisha tena mbele ya wateja, ataiondoa.

Gulio moja, mzee kutoka Gare akaomba mbegu ya kabeji. Mama mdogo akaandika hivyohivyo kwenye programu, kioo kikabaki kitupu. Mimi niliingiza kabichi, na programu ililinganisha maneno mazima tu.

Nikawasha ulinganishaji wa vipande vya herufi tatu tatu, ambao huhesabu vipande ambavyo maneno mawili yanavyo kwa pamoja. Kwa kiwango cha kufanana kilichowekwa tangu mwanzo, kabeji haikuifikia kabichi. Nikakishusha sana. Kabichi ikatokea, na chini yake karoti, maana nafasi iliyo mbele ya neno nayo huhesabiwa kama herufi, na maneno yote haya huanza na "ka". Niliona aibu, nikaanza kukipandisha tena.

"Unahangaika na nini?" mama mdogo akauliza.

"Karoti. Hakuiomba."

"Iache. Aikatae mwenyewe."

Akatoa pakiti zote mbili akaziweka juu ya kaunta, kama anavyomfanyia kila mteja tangu nikiwa mdogo. Mzee akagusa ya kabichi.

"Hiyo nyingine wape sungura," akasema.

Programu ilibaki. Mpaka leo karoti hutokea chini ya kabichi, na kila nikiiona vidole vinaniwasha kukipandisha kile kiwango.